Jina la Mkahawa Wetu wa Mapishi ya Mombasa Litoke Wapi?

Swali: "Sisi ni familia ya Mombasa, tunafungua mkahawa Pangani, Nairobi. Mama ndiye mpishi: mahamri na mbaazi asubuhi, biriani mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka jioni. Baba anataka uitwe 'Mkahawa wa Vyakula vya Pwani Bismillahi'. Wadogo zangu wanataka 'Pwaniz'. Shangazi anasema lazima neno 'Nazi' liwemo, na mimi nimependa 'Tui'. Tupate vipi jina lenye asili yetu ambalo vijana wa Nairobi hawataliona la kizamani?"

Jibu: Dada, asili na usasa mmeviweka kwenye kamba moja, baba avute huku na wadogo zako wavute kule. Mimi kazi yangu ni kutafutia maduka na mikahawa majina, na ninavyoona, vitu hivi viwili havigombei nafasi moja. Asili hukaa ndani ya neno: limetoka jiko gani, nani hulitumia, huwakumbusha nini waliolelewa nalo. Usasa hukaa katika namna neno hilo linavyobebwa: ufupi wake, wepesi wa kulitamka na kuliandika, herufi zake ubaoni, na kama mtu akilitafuta kwa simu atawapata nyinyi au atapata kitu kingine. Ndiyo maana neno la zamani kabisa huweza kuwa jina la kisasa, na neno lililobuniwa juzi likachakaa kabla ubao haujapauka.

Nianze na jina la baba, kwa heshima yake, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu mazuri yaliyobanana mahali pamoja. Kuna neno linaloeleza biashara, kuna mahali mnakotoka, na kuna dua. Tatizo la kwanza ni la kupima kwa futi. Jina hilo lina herufi 34, na ukihesabu nafasi kati ya maneno unafika 39. Kwenye ubao wa mita nne kila herufi itapata upana wa sentimita kumi hivi, na abiria aliye ndani ya matatu hataisoma. Jina la herufi nane kwenye ubao huohuo litapata karibu nusu mita kwa kila herufi. Tatizo la pili ni kwamba watu hawatalisema lote. Watalikata wenyewe, na hamtakuwa na kauli juu ya kipande watakachobakisha.

La tatu ni hilo neno Bismillahi, na hapa naomba mkae na baba taratibu. Jina la mkahawa halikai ubaoni tu. Linachapwa kwenye mifuko, kwenye karatasi za kufungia mahamri, kwenye risiti na kwenye vikasha vya kubebea biriani, na vyote hivyo mwisho wake ni jaani au chini ya miguu ya watu. Waislamu wengi huona uzito kulitupa jina la Mungu namna hiyo, na wateja wenu wa kwanza ndio watakaokuwa wepesi kuliona. Mwombeni baba Bismillahi iandikwe kwa hati nzuri, itiwe fremu, itundikwe ukutani juu ya kaunta pale anapokaa yeye. Pale itadumu na itaheshimiwa. Yale maneno yake mengine nayo hayapotei, nitayarudia kwenye mstari wa pili wa ubao.

"Pwaniz" nina wasiwasi nalo kwa sababu moja. Mtindo wa kubandika z mwishoni ni wa msimu, na maneno ya vijana wa Nairobi hubadilika haraka kuliko hata bei ya nyanya. Mkahawa wa familia mnaupangia miaka mingi, kwa hiyo msiufunge kwenye lugha ambayo wadogo zako wenyewe wataionea haya wakishakuwa na watoto. Isitoshe, mtu akilisikia hajui aandike z au s, na neno Pwani lenyewe limekwisha kubebwa na biashara nyingi mno, za usafiri, za nyumba na za samaki, kiasi kwamba halimtambulishi mtu yeyote tena.

La shangazi lina hatari ambayo nyumbani hatuioni. Kwetu nazi ni nazi. Lakini jina la mkahawa siku hizi huishi mtandaoni, na pale herufi hizo nne husomwa na dunia nzima kuwa chama cha Hitler. Mgeni anayetafuta pa kula Nairobi ataliona neno hilo peke yake kwenye ramani, bila wali wala samaki wa kulielezea, na matangazo yenu ya kulipia yanaweza kuzuiwa na mitambo isiyojua Kiswahili. Liacheni neno hilo ndani ya orodha ya vyakula, kwenye wali wa nazi, ambako maana yake iko wazi. Na mkifikiria kulikimbilia neno "Mnazi", kumbukeni watu wa Pwani hulisikia vipi: mnazi ni mti, na mnazi ni tembo. Familia yenye Bismillahi ukutani haitataka mteja aulize kama kuna chupa nyuma.

Sasa hili lako, "Tui". Sikio lako limekuongoza vizuri, kwa sababu umeacha kutafuta neno la jumla ukaingia jikoni. Kasoro yake ni kwamba TUI ni jina la kampuni kubwa ya utalii ya Ujerumani, inayoleta watalii hadi pwani yetu. Mtu akiandika herufi hizo tatu kwenye simu atapata ndege na hoteli za ufukweni kwanza, na nyinyi mtakuwa mbali chini. Kushindana na kampuni ya namna hiyo kwa jina lilelile, katika biashara inayokaribiana na yao, ni gharama na pengine ni kesi. Lakini njia uliyoishika ndiyo njia yenyewe, na tuifuate mbele kidogo.

Siku mama anapopika chakula kizima, keti jikoni na daftari. Usimwulize majina ya mkahawa. Mwache apike, na wewe andika kila neno analotumia ambalo jirani yako wa Nairobi hangelijua au hangelitumia: vyombo, vitendo, hatua za mapishi, hata anavyowaita watoto wasogee kutoka motoni. Utapata mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia, upawa, mwiko, kawa, sinia, chungu, tui la kwanza na tui la pili, kasimile, kupaka, kuunga, kufunikia makaa juu. Hayo ni maneno ambayo mikahawa mingi yenye "Pwani" na "Uswahilini" kwenye mabango haijayagusa, na kila moja mnaweza kulitetea, maana kitu chenyewe kipo jikoni mwenu.

Usiamini uzuri wa neno kabla hujalisikia likitamkwa na mtu mwenye njaa. Kawa, kwa mfano, ni kitu kizuri sana: kile kifuniko cha ukili chenye umbo la pia kinachofunika chakula kwenye sinia. Picha yake peke yake ingetosha kuwa nembo. Lakini kukawa ni kuchelewa, na mteja wa kwanza kutoka Mombasa atakayengoja biriani nusu saa atawaambia kwamba jina mmelipatia. Wasiojua maana zote mbili watadhani mnauza kahawa. Chungu nacho ni chombo cha heshima, ila likisimama peke yake mtu husikia ladha ya mwarobaini, kwa hiyo linahitaji mwenyewe nyuma yake, chungu cha fulani, ndipo maana ya chombo ishike. Mwiko ni vilevile: mama anausongea sima, lakini mwiko pia ni jambo lisiloruhusiwa, na sehemu ya kulia isianze na katazo.

Yakitoka hayo, katika orodha niliyokupa mimi ningebaki na matatu: Sinia, Upawa na Kasimile.

Sinia linaeleweka na kila mtu tangu Lamu hadi Kisumu, na linasema jambo moja la kweli kuhusu ulaji wetu, kwamba watu hukaa pamoja wakala chombo kimoja. Kama mtauza biriani kwa sinia, la watu wanne au sita, jina litakuwa linafanya kazi ya mhudumu. Udhaifu wake ni kwamba kwa sababu linaeleweka na wote, wengine wamekwisha kulitumia au watalitumia. Na kama mama anapakua kwenye sahani, kila mtu yake, jina litakuwa linaahidi kitu ambacho hakipo mezani.

Upawa, ile kata ya kifuu cha nazi yenye mpini wa mti, limenivutia sana. Ni fupi, halina herufi ngumu, na sisi tunaosema kupawa kwa maana ya kupewa tunasikia ukarimu ndani yake. Kinachonizuia ni sikio la Nairobi. Huko pawa ni nguvu na ni umeme, na nina hakika baadhi watalisikia hivyo na kulichezea. Si jambo baya lenyewe, ila linalitoa neno jikoni na kulipeleka kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu.

Kasimile ndilo ningeliweka mbele. Ni lile tui zito la kwanza, linalokamuliwa kabla nazi haijatiwa maji au kwa maji machache sana. Mama yako analijua thamani yake kuliko mimi. Ndilo linalotiwa mwisho kwenye mchuzi, moto ukishapunguzwa, huku unakoroga lisikatike, na ndilo linalompa samaki wa kupaka ule uzito wa kushika kwenye nyama yake. Mkahawa ukiitwa Kasimile umejipa jina la sehemu bora ya nazi, na hapo shangazi amepata nazi yake bila ile herufi nne za balaa, na wewe umepata tui lako.

Sikiliza pia umbo lake. Silabi nne, kila konsonanti imefuatwa na irabu, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Halina dh, th wala gh. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Majina kama "Ladha" yanapendwa sana, lakini nje ya Pwani wengi hutamka laza, na atakayelitafuta ataliandika alivyolisikia. Kasimile mtu wa Nyeri, wa Kakamega au Mhindi wa Parklands atalitamka sawasawa mara ya kwanza. Asiyejua maana yake atauliza, na jibu lake ni chakula. Mhudumu akisema, "Ni tui la kwanza, lile zito, ndilo lililo kwenye samaki huyu," ameshauza samaki.

Lina doa moja. Baadhi ya watu husema na kuandika kasimele. Chagueni tahajia moja, ile ambayo mama hutamka, kisha ile nyingine ifungulieni kurasa vilevile kwenye Instagram na Fesibuku na muiache imelala, iwaelekeze watu kwenye ya kweli. Pia wengine wataanza kusema "tunaenda kwa Kasimu". Waacheni. Jina la mtaani linalokaribiana na la ubaoni halidhuru, linalodhuru ni lile lisilofanana nalo kabisa.

Kabla hamjaamua, yafanyieni majina hayo matatu majaribio mawili ambayo hayagharimu kitu. La kwanza, mpigie simu mtu asiyejua habari yenyewe, akiwa mahali penye kelele, umwambie, "Tukutane Kasimile saa saba," kisha umwombe akutumie kwa ujumbe jina ulilomtajia. Fanya hivyo kwa watu wa rika na makabila tofauti, na mmoja wao awe dereva wa boda anayepeleka vyakula, kwa sababu ndiye atakayelitamka jina lenu mlangoni kwa watu. Wengi wakiliandika vibaya kwa namna ileile, kosa liko kwenye jina. La pili, waulize watu wanaojua Kikuyu, Kiluo, Kikamba, Kisomali na lugha nyinginezo za wateja wa Pangani kama neno hilo, au neno linalokaribiana nalo, lina maana mbaya kwao. Usimwulize mtu "unalipenda?", kwa sababu kila mtu ana la kusema akiulizwa hivyo. Uliza, "Ukisikia jina hili, unadhani wanauza nini?" Akisema chakula cha Waswahili au hata "kitu cha Pwani", mmefika. Akisema saluni, rudini jikoni.

Hujaniuliza kuhusu jina la mama, lakini nitalitaja, kwa sababu ndiyo desturi yetu ya zamani kuliko zote: kwa Bi Fulani, kwa Mama Fulani. Unguja pale Mkunazini kuna Lukmaan, jina la mtu, neno moja tu, na kila dereva wa teksi anakujua. Jina la mtu lina joto ambalo neno la kubuni halina. Lakini linamfunga mama. Siku akipumzika, wateja watauliza, "Bi mwenyewe yuko wapi?" na biriani ya mkaza mwana itaonekana pungufu hata kama ni ileile. Mkija kufungua tawi, mama hawezi kuwa sehemu mbili. Na lililo kubwa kuliko hayo, wako mama zetu wasiopenda jina lao litajwe na kila mpita njia. Muulizeni yeye kwanza, faraghani, bila baba wala shangazi. Akikubali kwa moyo, bado ningeliweka jina lake ndani ya orodha ya vyakula, biriani ya Bi Fulani, mahali ambapo linabeba sifa bila kubeba biashara nzima.

Turudi ubaoni. Jina liwe neno moja kubwa, na chini yake mstari mdogo unaoeleza. Hapo ndipo maneno ya baba yanaporudi, ila ningeomba "vyakula vya Pwani" iwe "mapishi ya Mombasa". Pwani ni refu. Mteja wa Unguja atasoma Pwani atarajie urojo, wa Lamu naye atakuja na matarajio yake, na mama yenu hapiki vyote hivyo. Mombasa ni ahadi mnayoweza kuitimiza kila siku. Basi ubao usomeke KASIMILE, na chini yake "Mapishi ya Mombasa". Mstari huu wa pili unaweza kubadilika miaka ijayo bila jina kuguswa.

Kwa hao vijana mnaowaogopa, usasa utoke kwenye mkono wa mchoraji. Herufi ziwe nene na safi, rangi mbili zisizidi, pasiwe na mnazi, jahazi na jua la magharibi vyote kwenye ubao mmoja. Mkitaka pambo, chukueni moja kutoka kwenye pindo la kanga au kwenye nakshi za milango ya Mji wa Kale, lichorwe kwa mstari mwembamba, likae pembeni.

Upande wa sheria, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kusajili jina la biashara hufanywa kupitia eCitizen, kwa ofisi ya usajili wa biashara, na hapo hukaguliwa kama kuna jina linalofanana sana na lenu. Nendeni na majina matatu, la kwanza likikataliwa msirudi nyumbani kugombana upya. Lakini usajili huo hauwapi umiliki wa jina kama alama ya biashara. Hiyo huombwa kwa taasisi ya mali ya ubunifu, KIPI, na huduma za mikahawa ziko katika daraja la 43. Kinga yake ni ya miaka 10 na huweza kuhuishwa. Kama mama ana nia ya kufungasha viungo vya biriani na kuviuza, hiyo ni daraja la 30, ombeni zote mbili mapema. Na hapa utaona sababu nyingine ya kutoshikilia "Vyakula vya Pwani": jina linaloeleza tu biashara na mahali ni gumu kulimiliki, kwa sababu kila mpishi wa Pwani ana haki ya kulisema.

Mkishapata cheti, hakikisheni neno lilelile, kwa tahajia ileile, linatokea kwenye namba yenu ya Lipa na M-Pesa. Mteja huangalia jina kwenye simu kabla ya kuamini kwamba hela imefika pake. Akiona jina la kaka yako au la kampuni asiyoijua, anasita na kumwita mhudumu, na foleni ya mchana inasimama. Kwenye ramani ya Google pia andikeni Kasimile peke yake. Kuongeza "biriani wali samaki Nairobi" kwenye sehemu ya jina ni kinyume cha masharti yao, na ukurasa unaweza kusimamishwa. Maneno hayo yawekeni kwenye maelezo na kwenye orodha ya vyakula, yatafanya kazi yake huko.

Msichape mifuko wala sare kabla cheti hakijatoka. Wiki za mwanzo bango la turubai litawatosha mlangoni, na mkishasikia wateja wanavyolitamka jina wenyewe, mwiteni mchoraji wa ubao wa kudumu.